Kibaba Kisipojaa: Pensheni ya Mnyonge, Kutoka Kipande Hadi Inua Jamii

Mwaka wa 2007, katika wilaya za Homa Bay, Suba na Migori, serikali ya Kenya ilianza kuwapa nyanya wengi pesa za kila mwezi ambazo hakuna aliyethubutu kuziita pensheni. Kwa karatasi, zilikuwa pesa za watoto. Ukimwi ulikuwa umepita kando ya ziwa kama moto kwenye nyasi kavu, ukachukua kizazi cha katikati, ukaacha wazee na wajukuu. Mpango ulikuwa wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu. Lakini mtoto wa miaka sita hapangi foleni Posta. Aliyepanga foleni ni dani, nyanya yake, na akatoka na Sh1,500 kwa kila mwezi, zikilipwa za miezi miwili kwa pamoja.

Wengi wa hao kina dani walikuwa wamefanya kazi maisha yao yote. Walilima, wakauza omena, wakapalilia miwa ya watu. Waume zao walikuwa wameenda Kericho, Nairobi na Mombasa na kurudi. Swali ambalo historia yetu imekuwa ikilikwepa ni hili: mtu akifanya kazi miaka thelathini kwa ujira mdogo, na akiba yake ikawa ndogo vilevile, ni nani anayemjazia mpaka ifike kiasi cha kuishi? Na anajaziwa kwa hesabu gani?

Methali inatuambia haba na haba hujaza kibaba. Historia ya Nyanza Kusini inaonyesha kwamba mara nyingi haba na haba hufika nusu ya kibaba, halafu miaka ya kuweka inaisha.

Shamba kama pensheni

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na baada yake ikaja kodi, na baada ya kodi ikaja safari. Vijana kutoka upande wa kusini wa ziwa walienda kwenye majani chai, mashamba ya mkonge, reli yenyewe na bandari ya Mombasa. Tangu miaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walitembea na kipande shingoni, na ndani yake mliandikwa umeajiriwa na nani na kwa mshahara gani. Hakikuandikwa mahali popote utakula nini ukizeeka.

Haikuwa bahati mbaya. Mishahara ya Mwafrika ilipimwa kwa mahitaji ya mwanaume mmoja asiye na familia: chakula chake, kitanda chake, blanketi lake. Mke, watoto na uzee viliachiwa shamba la nyumbani. Mwaka wa 1954, kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi, F. W. Carpenter, ililisema jambo hilo waziwazi na kupendekeza mshahara upande polepole mpaka utoshe familia. Mshahara ulianza kupanda kweli, hasa mjini. Lakini ile fikra ya zamani, kwamba mfanyakazi mdogo ana shamba mahali fulani na shamba hilo ndilo litakalomzeesha, haikufa na ukoloni. Ilibaki chini ya kila sheria iliyofuata, kama msingi wa nyumba usioonekana.

Sasa fikiria shamba lenyewe. Baba anagawia wana wanne. Kila mmoja anagawia wake watatu. Kufikia kizazi cha tatu, ile "pensheni" ni kishamba ambacho ukisimama katikati unaweza kuongea na jirani wa kila upande bila kupaza sauti.

1965: sanduku la kila mtu peke yake

Miaka miwili baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria iliyounda NSSF, Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii. Jina lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Wengi hudhani wazazi wetu walikuwa na pensheni ya NSSF. Hawakuwa nayo. NSSF ya 1965 ilikuwa hazina ya akiba: wewe unakatwa kidogo, mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, riba inaingia, na ukifika umri wa kustaafu unapewa chako chote kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo hakuna mtu anayekujua.

Katika mpango wa namna hiyo hakuna kima cha chini, na hakiwezi kuwepo, kwa sababu hakuna malipo ya kila mwezi ya kuwekea kima. Kilichomo sandukuni ndicho chako. Hakuna aliyechangia zaidi anayemjazia aliyechangia kidogo, na serikali haitii senti.

Makato pia yalikuwa madogo mno. Sheria ilisema asilimia 5 kutoka kwa kila upande, lakini ikaweka dari, na dari ikakaa palepale huku bei zikipaa. Kuanzia mwaka wa 2001, dari ilikuwa Sh200 za mfanyakazi na Sh200 za mwajiri. Sh400 kwa mwezi, awe karani ama meneja. Piga hesabu: ni Sh4,800 kwa mwaka. Miaka ishirini kamili bila kukosa hata mwezi mmoja inakupa Sh96,000 kabla ya riba. Tuwe wakarimu, tuseme riba iliziongeza mara mbili zikawa Sh192,000. Ukizigawa kwa miaka kumi na mitano ya uzee, unapata kama Sh1,070 kwa mwezi. Na huyo ndiye mwenye bahati, aliyeandikwa kazi na hakukosa mwezi.

Awendo inatuonyesha asiye na bahati. Kampuni ya sukari ya Nyanza Kusini, ambayo kila mtu anaiita Sony, iliundwa mwaka wa 1976 na kiwanda kikaanza kazi 1979. Kiwanda cha sukari kina watu wa aina mbili. Kuna walio ndani ya ua, kwenye mitambo na ofisi, wenye barua za kazi. Halafu kuna walio nje: wakata miwa, wapakiaji, wapaliliaji. Hao kazi yao inafuata msimu, mvua, na kama kiwanda kinasaga au kimesimama. Mtu anaweza kukata miwa kwa miaka thelathini na kwenye rekodi awe na miezi michache iliyotawanyika, tena kama aliyemwajiri alikumbuka kupeleka makato. Kwa miaka mingi sheria haikuwagusa hata waajiri wenye wafanyakazi chini ya watano. Muuza samaki wa Mbita au Sindo hakuwa kwenye picha kabisa.

Pesa za dani

Ndiyo maana mwaka wa 2007 ni mwaka mkubwa katika hadithi hii, ingawa vitabu vya pensheni havihesabu hivyo. Pesa za kila mwezi zilifika kwa mtu ambaye hakuwahi kukatwa hata shilingi.

Mpango wa mayatima ulikuwa umejaribiwa kidogo tangu 2004 kwingineko. Ulipopanuliwa, watafiti walitaka kujua kama unafanya kazi, na wilaya zetu tatu zikawa kati ya saba zilizochaguliwa kupimwa, pamoja na Kisumu, Kwale, Garissa na Nairobi. Katika kila wilaya, baadhi ya lokesheni ziliingia kwa kura na nyingine zikasubiri, ili zilinganishwe. Yaani nyanya mmoja alipata na mwenzake wa lokesheni ya pili hakupata, kwa bahati nasibu. Matokeo yalionyesha, miongoni mwa mengine, kwamba watoto wa nyumba zilizopata waliingia sekondari kwa wingi zaidi. Pesa za bibi zilikuwa karo ya mjukuu.

Kipimo hicho kilifundisha jambo lingine, la kuuma. Kiasi kilikuwa kimoja kwa nyumba zote, mayatima wawili ama sita, na hakikufungwa kwenye bei za vitu. Bei za chakula zilipopanda mwaka wa 2008, zile Sh1,500 zilikuwa zilezile kwa macho lakini gorogoro ya mahindi haikuwa ileile. Baadaye, karibu mwaka wa 2011, kiasi kikapanda hadi Sh2,000. Ngiri mbili. Na hapo kikaganda kwa zaidi ya miaka kumi, katika kipindi ambacho bei za kawaida nchini zilizidi mara mbili.

Upande mwingine, mpango wa wazee wenyewe ulikuwa ukikua. Mwanzoni ulikuwa wa wazee maskini wenye miaka 65 na zaidi, waliochujwa kijijini. Kuchuja kulileta maneno. Nani maskini kuliko nani, kwa baraza la chifu, mbele ya watu? Kwa hiyo kuanzia 2018, chini ya jina la Inua Jamii, serikali ikabadili: kila Mkenya aliyefika miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali apate Sh2,000 kwa mwezi. Umaskini ukaondolewa kwenye masharti, umri ukapandishwa. Zanzibar ilikuwa imetangulia njia hiyo Aprili 2016, ikianza na Sh20,000 za Tanzania kwa kila mzee wa miaka 70.

Kwa dani wa Ndhiwa au Nyatike, 70 si nambari rahisi. Wengi wa kizazi chake hawakuzaliwa hospitalini. Umri ulikadiriwa siku ya kuchukua kitambulisho, kwa kuuliza alizaliwa kabla ama baada ya njaa fulani, na karani akaandika mwaka. Karani akikosea kwa miaka mitano, Inua Jamii inakuja miaka mitano baadaye. Hata aliyefika umri husubiri usajili ufunguliwe, maana jina haliingii lenyewe siku unapofikisha miaka 70.

Lakini angalau sasa kulikuwa na kitu kama kima cha chini. Upande mmoja, sanduku la akiba la NSSF. Upande wa pili, ngiri mbili za Inua Jamii. Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili vilizaliwa katika wizara tofauti, miaka tofauti, na havijawahi kukaa meza moja.

Nyongeza inavyohesabiwa

Ukienda soko la Rongo kununua mahindi, muuzaji akishajaza gorogoro, utamsikia mnunuzi: "Mama, weka nyongeza." Pensheni ya chini yenye kujaziwa ni hesabu ya namna hiyo. Umeleta kiasi chako. Sheria inasema kuna kiasi cha msingi. Nyongeza inatoka kwa serikali ama kwa hazina. Ugomvi wote uko kwenye swali moja: kila ukileta shilingi moja zaidi, nyongeza inapungua kwa kiasi gani?

Tumchukue mkata miwa wa mfano, mwanamke wa Awendo. Akiwa kazini anapata Sh8,000 kwa mwezi, na anapata kazi miezi sita kwa mwaka. Sheria mpya ya NSSF ilipitishwa 2013, ikazuiwa na kesi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Inakata asilimia 6 kwake na asilimia 6 kwa mwajiri. Kwa hiyo kila mwezi wa kazi unaingiza Sh960, na mwaka mzima Sh5,760. Afanye hivyo miaka thelathini, na tuseme akiba inakua kwa asilimia 3 kwa mwaka juu ya mfumko wa bei. Atastaafu na kama Sh274,000 kwa thamani ya pesa za leo. Akilipwa asilimia 6 ya hizo kila mwaka kama pensheni, atapata karibu Sh1,370 kwa mwezi.

Viwango vya riba na malipo hapo ni vya kudhania, na vikibadilika jibu litabadilika. Lakini umbo la hesabu halibadiliki. Sheria mpya imepandisha makato na kutaka malipo ya uzeeni yafanane zaidi na pensheni, ila msingi ni uleule wa 1965: unalipwa kulingana na kilichomo kwenye akaunti yako. Mwenye kazi ya nusu mwaka ana akaunti ya nusu mwaka.

Sasa tumjazie. Tuseme kiasi cha msingi ni Sh2,000.

Njia ya kwanza ni kujaza mpaka ukingoni. Ana Sh1,370, serikali inatoa Sh630, anafika Sh2,000. Inasikika sawa, mpaka umtazame jirani yake ambaye hakuweka akiba hata siku moja. Kama msingi ni wa kila mtu, jirani anapewa Sh2,000 zote. Wote wawili wanalala na kiasi kilekile. Miaka thelathini ya makato haikumpa mkata miwa hata senti moja juu ya jirani, kwa sababu kila shilingi aliyoleta ilifuta shilingi moja ya nyongeza. Ukimwambia kijana wa boda aanze kuweka akiba chini ya mpango huo, akikataa, yeye ndiye anayejua hesabu.

Njia ya pili ni kupunguza nyongeza polepole. Hapa unaweka nambari mbili: kiasi cha msingi, na kikomo ambapo nyongeza inaisha. Kanuni yake ni hii:

```
nyongeza = msingi - (msingi / kikomo) x pensheni yako
```

Weka msingi Sh2,000 na kikomo Sh4,000. Mbili kwa nne ni nusu, kwa hiyo kila shilingi ya pensheni yako inapunguza nyongeza kwa senti 50. Mkata miwa ana Sh1,370. Nusu yake ni Sh685. Nyongeza yake ni Sh2,000 kutoa Sh685, yaani Sh1,315. Jumla anapata Sh2,685. Jirani asiye na akiba anabaki na Sh2,000. Sasa ile miaka thelathini imemletea Sh685 kila mwezi. Hajapewa zote alizojiwekea, lakini hakuna anayeweza kumwambia alikatwa bure. Na mwenzake aliyepata kazi mwaka mzima, mwenye pensheni ya Sh2,740, naye anapata nyongeza ya Sh630 na kufika Sh3,370. Kwa njia ya kwanza huyo asingepata kitu, maana amevuka ukingo.

Ukisukuma kikomo mpaka Sh10,000, kila shilingi inafuta senti 20 tu, na mkata miwa wetu anafika karibu Sh3,100. Inapendeza, lakini sasa serikali inalipa nyongeza mpaka kwa mtu mwenye pensheni ya Sh9,000. Hapo ndipo gharama ilipo. Kikomo kikiwa karibu na msingi, bajeti inapumua na mwenye akiba anaumia. Kikomo kikienda mbali, mwenye akiba anapumua na bajeti inaumia. Hakuna nambari inayowafurahisha wote wawili.

Hii si hesabu ya ubaoni tu. Chile, nchi iliyogeuza pensheni kuwa sanduku la kila mtu peke yake mwanzoni mwa miaka ya themanini, iliweka pia kima cha chini: serikali itakujazia mpaka ukingoni, mradi umechangia miaka ishirini. Wafanyakazi wa msimu na wanawake wengi hawakufikisha miaka hiyo ishirini. Mwaka wa 2008, chini ya Rais Michelle Bachelet, walibadili wakaweka pensheni ya msingi isiyodai michango, na juu yake nyongeza inayopungua polepole kwa kanuni kama ile ya hapo juu. Mabadiliko yalipokamilika, kila peso ya pensheni yako ilikuwa ikifuta chini ya theluthi moja ya peso ya nyongeza.

Ng'ambo ya Isebania

Si lazima twende mbali hivyo. Simama Isebania, mpakani mwa Migori na Tanzania, na utazame Sirari. Ni watu walewale, Wakuria wa huku na Wakuria wa kule. Lakini sheria ya NSSF ya Tanzania ya mwaka 1997 iligeuza hazina ya akiba kuwa pensheni ya kila mwezi, na ikaandika kima cha chini: pensheni isipungue asilimia 80 ya kima cha chini cha mshahara. Ukiwa na mshahara mdogo, hesabu ya pensheni yako ikatoka ndogo kuliko hapo, hazina inakujazia kutoka kwenye mfuko wa wote. Kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa anamshika mkono mwenye mshahara mdogo, jambo ambalo NSSF ya Kenya haijawahi kufanya.

Kima hicho kilikuwa na uzuri mwingine: kilifungwa kwenye mshahara. Kima cha mshahara kikipanda, kima cha pensheni kinapaswa kupanda nacho, bila mzee kumwomba mwanasiasa. Linganisha na ngiri mbili zetu, ambazo hupanda tu mtu fulani Nairobi akiamua.

Lakini mlangoni kulikuwa na sharti: miezi 180 ya michango. Kwa mwenye kazi ya mwaka mzima ni miaka kumi na tano. Kwa mkata miwa wa miezi sita kwa mwaka ni miaka thelathini, na akikosa mwezi mmoja tu, anapewa malipo ya mkupuo na kima cha chini kinamsahau. Ni kosa lilelile la Chile ya zamani. Ukitaka kujua kama ahadi ya pensheni ya chini ni ya kweli kwa mnyonge, usianze kusoma kiasi. Anza na idadi ya miezi inayotakiwa, halafu uulize ni nani kijijini mwenu aliyeifikisha.

Miaka kumi ya katikati

Turudi Kenya, kwa sababu kuna shimo moja ambalo halionekani mpaka uweke umri mezani. Sanduku la NSSF linafunguliwa ukiwa na miaka 60. Ngiri mbili za Inua Jamii zinaanza 70. Katikati kuna miaka kumi ambayo hakuna kima chochote.

Mkata miwa wetu akifika 60 na Sh274,000 zake, na akiamua kujilipa zile Sh2,000 kila mwezi asubiri Inua Jamii, atatumia Sh240,000 kufika 70. Zitabaki Sh34,000 na riba kidogo. Kwa maneno mengine, akiba ya miaka thelathini inakuwa nauli ya kumfikisha pale ambapo jirani yake asiyeweka akiba atakuwa amesimama tayari. Tofauti yao ni kwamba yeye alivuka miaka ya 60 akiwa na kitu mfukoni. Si jambo dogo. Lakini si hicho alichoahidiwa kila mwezi alipoona makato kwenye malipo yake.

Wauza omena na watu wa boda nao wameundiwa masanduku madogo. Mwaka wa 2011 ulikuja Mpango wa Pensheni wa Mbao, jina likitoka kwenye shilingi ishirini unazoweka kwa siku kupitia M-Pesa. Baadaye NSSF ikaja na Haba Haba, Sh25 kwa siku. Mbao kila siku bila kukosa ni Sh7,300 kwa mwaka. Kwa miaka ishirini, kwa viwango vilevile tulivyotumia hapo juu, inatoa karibu ngiri moja kwa mwezi uzeeni. Yaani nusu ya kile Inua Jamii inachotoa bure. Aliyebuni jina la Haba Haba alikuwa akiwaza methali. Kibaba chenyewe hakijajaa.

Ndiyo maana kuhimiza watu waweke akiba, peke yake, hakutoshi kwa watu wa kipato hiki. Akiba ya mnyonge inafika Sh1,000, Sh1,370, labda Sh2,700, kulingana na mvua na kiwanda. Kama hakuna nyongeza iliyounganishwa nayo kwa kanuni inayojulikana, anayeweka mbao kila siku anaweka kwa imani tu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu. Haisemi kwa hesabu gani. Hesabu imeachiwa sheria na bajeti, na sehemu zake zote zipo tayari: kiasi cha msingi kipo ingawa kimeganda, akaunti za akiba zipo, namba za simu za kulipia zipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja unaosema akiba yako ikiwa ndogo kuliko kiasi fulani tutakuongezea hivi, na kuanzia umri huu. Siku mstari huo utakapoandikwa, na kuna nchi nyingi zilizouandika vibaya kwanza, tazama vitu vitatu: miezi mingapi inahitajika kuingia, kila shilingi yako inafuta kiasi gani cha nyongeza, na msingi umefungwa kwenye nini ili usiyeyuke.

Vijana wengi tunaosoma haya Nairobi, Kisumu na Mombasa tayari tunajua hali ilivyo bila mstari huo. Kila mwisho wa mwezi kuna pesa zinazotoka kwenye simu kwenda Oyugis, Kendu Bay, Kehancha, Muhuru. Mzee wa kuzipokea huko alifanya kazi, na pengine alikatwa pia. Sisi ndio nyongeza yake, na kiasi chetu hakijaandikwa mahali popote.